Nyota Zina Wakati Wake: Kuomba Kura za Wateja na Kujibu Lawama Zao

Mwenye programu ya simu iliyopata kura 20 tu katika Play Store, na wastani wake ukawa nyota nne na nusu, huwa katika hatari asiyoihisi, kwa kuwa nyota zake zote zikijumlishwa ni 90, na wakitokea watu wawili wenye ghadhabu usiku mmoja wakampa nyota moja moja, jumla huwa 92 kwa kura 22, na wastani huporomoka hadi kukaribia 4.2; na ili arejee pale alipokuwa atahitaji watu 14 wampe nyota tano kila mmoja. Hesabu ya Google yenyewe si sahili kama hii, maana tangu mwaka 2019 kura za karibuni hupewa uzito kuliko za zamani, lakini uzito huo humzidishia mashaka yule aliyekosewa wiki hii, wala haumpunguzii.

Nawaandikia vijana wa Mirongo, na wenzao wa Nyegezi, Igoma na kwingineko katika jiji letu la Mwanza, ambao hutunga programu kwa ajili ya wafanyabiashara wa mwambao huu wa ziwa, kisha wakashangaa kuona kwamba watu mia tatu wanaoitumia kazi yao kila siku hawakusema neno, ilhali wanne walioghadhibika wamesema mengi. Hilo ni tabia ya binadamu popote: aliyeridhika huendelea na shughuli zake, na aliyeudhika hutafuta pa kutulizia moyo wake. Wala mtu asitegemee kwamba jamaa zake walioko Maskati au London watamwokoa kwa kura zao, kwa sababu tangu Novemba 2021 Google humwonyesha mtumiaji wastani uliotokana na kura za nchi yake mwenyewe, hivyo mchuuzi wa Kirumba anayetaka kupakua programu yako huona waliyoyasema Watanzania wenzake. Kura zinazokufaa zimo mikononi mwa wale wale wanaonyamaza, na yakupasa uwaombe. Bali kuomba kuna wakati wake, na wakati huo hupatikana ndani ya kazi ya mtumiaji, si katika kalenda ya mtunzi.

Natuchukue mfano wa programu ya daftari la madeni, iliyotungwa kwa ajili ya wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba. Muuzaji wa jumla humpa mchuuzi magunia kwa mkopo, akaandika jina, idadi na bei. Mchuuzi husafirisha mzigo kwenye masoko ya mbali, na fedha hurudi kidogo kidogo, leo kwa mkono na kesho kwa simu, mpaka deni likaisha. Biashara hii ina mwendo wake unaotokana na mwezi wa angani, kwani dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazina nguvu ya kuwavuta, basi mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo yamo majuma ya kuandika madeni na yamo majuma ya kukusanya, na mtunzi asiyeujua mwendo huu huandika amri kwamba mtu aombwe nyota siku ya tatu tangu apakue programu, akidhani siku tatu ni muhula wa kutosha, kumbe mtu huyo alipakua wakati wa mbalamwezi, hajaandika hata deni moja, na anaulizwa habari ya chombo ambacho bado hakijamfaa kwa lolote.

Na yuko mtunzi wa pili aliye mbaya kuliko huyo, ambaye huomba nyota mara programu inapofunguliwa. Afunguaye programu ana haja ambayo bado haijatimizwa: alfajiri pale mwaloni, mzigo unateremshwa, mchuuzi anahimiza, na muuzaji anataka kuandika magunia manane kabla hajayasahau; kumtokezea kwa ombi la nyota wakati huo ni sawa na kumshika mkono mchukuzi aliye na gunia begani ukamwuliza anauonaje mji. Atakachofanya ni kuifunga kadi hiyo kwa pupa, au, akiwa na hasira za asubuhi, kubofya nyota moja ili ipite. Kadhalika usiombe mara baada ya mtu kuingiza namba ya siri ya malipo akisubiri ujumbe wa kuthibitisha, kwa kuwa dakika hiyo moyo wake uko juu, na ujumbe ukichelewa, lawama zitakuangukia wewe.

Wakati mwafaka katika programu hii ni ule ambao mchuuzi amemaliza malipo ya mwisho, salio la deni likasoma sifuri, stakabadhi ikatumwa, na skrini ikaandika kwamba deni limekwisha. Hapo muuzaji amepata fedha zake, amepata ushahidi wa daftari, na hana la kufanya kwa sekunde chache zinazofuata. Mwache asome sentensi hiyo, kisha kadi ya nyota ifuate. Iko pia nafasi ya pili, nayo ni pale anapofunga hesabu ya juma na kuiona jumla yake, lakini mimi naipa daraja ya chini, maana jumla ya juma yaweza kuwa ya hasara, na mtu aliyekwisha kuona hasara yake hatofautishi baina ya habari mbaya na mjumbe aliyeileta.

Hata katika wakati huo, si kila deni linaloisha linastahili ombi. Ningeweka masharti manne, na kila moja lina sababu yake. La kwanza ni kwamba muuzaji awe amekwisha kufunga madeni matatu au zaidi, kwa sababu la kwanza huenda alilifunga kwa majaribio tu, akijiandikia jina lake mwenyewe. La pili, programu isiwe imegoma wala kujifunga ghafla mikononi mwake kwa siku saba zilizopita. La tatu, simu iwe na mtandao wakati huo, kwani mtu aliyezima data ili bando lisiishe hataweza kupelekewa kadi yoyote, na jaribio litapotea bure. La nne, tangu ulipojaribu kumwomba mara ya mwisho iwe imepita miezi mitatu au minne, maana mtu aliyekataa mara moja ana haki ya kusahau kwamba aliombwa. Masharti haya yote huweza kuhesabiwa ndani ya simu yenyewe, bila kupeleka habari za mtu popote.

Baadhi ya watunzi, wakitafuta njia ya mkato, huweka kwanza swali lao wenyewe, wakauliza, “Je, unaipenda programu hii?” na ajibuye ndiyo hupelekwa kwenye nyota, ajibuye hapana hupelekwa kwenye sanduku la barua pepe ambako sauti yake haitasikika hadharani. Google hukataza swali la namna hiyo kabla ya kadi yake au wakati kadi inapoonyeshwa, hukataza pia kumdokezea mtu idadi ya nyota, na kutoa zawadi, salio au punguzo la bei kwa ajili ya kura ni kuvunja kanuni zake. Fauka ya katazo hilo iko hoja ya insafu: nyota za dukani ni ushahidi ambao wengine wanautegemea, na mwenye kuchagua mashahidi amewadanganya wasomaji wote. Ruhusa uliyo nayo ni ya kuchagua wakati. Mtu huyuhuyu, asiyependezwa na rangi za programu yako wala na jina lake, akiulizwa deni lake lilipokwisha atakupa hukumu ya haki juu ya kile ulichomfanyia, na haki ndiyo unayoihitaji.

Kuhusu chombo chenyewe, Google ilitoa mwaka 2020 njia ya kumwonyesha mtu kadi ya nyota bila ya kumtoa ndani ya programu. Mtunzi huomba ruhusa kwa amri moja, kisha huonyesha kadi kwa amri ya pili, kama hivi:

```kotlin
val meneja = ReviewManagerFactory.create(this)
meneja.requestReviewFlow().addOnCompleteListener { kazi ->
    if (kazi.isSuccessful) {
        meneja.launchReviewFlow(this, kazi.result)
    }
}
```

Yapo mambo mawili kuhusu amri hizi ambayo wengi huyagundua wakiwa wamekwisha kupotea. Jambo la kwanza ni kwamba Google imeweka kiwango cha mara ambazo mtu mmoja ataonyeshwa kadi katika muda fulani, na kiwango hicho haikitangazi. Kikijaa, amri hukamilika salama salimini na kadi isionekane. Kwa sababu hiyo usiifunge amri hii kwenye kitufe kilichoandikwa “Tupe nyota”, kwa kuwa siku moja mtu atakibofya na kitufe kisifanye kitu, akasema programu imeharibika. Ukitaka kitufe, kifungue ukurasa wako wa Play Store moja kwa moja. Jambo la pili ni kwamba programu haipewi habari yoyote, iwe mtu amepiga kura, amekataa, au hakuonyeshwa kadi. Basi usiandike “Ahsante kwa kura yako” mara baada ya amri kwisha, kwani wengi watakaoisoma shukrani hiyo hawatajua wanashukuriwa kwa lipi. Iache kazi iendelee kana kwamba hakikutokea kitu. Kwa upande wa simu za Apple, kadi yao haionekani zaidi ya mara tatu katika siku 365 kwa mtu mmoja, na madirisha ya kujitungia mwenyewe hayaruhusiwi. Shauri la wakati halibadiliki.

Utajuaje kwamba umekosea wakati? Usilitoe ombi hili kwa watu wote kwa mpigo. Play Console hukuruhusu kulipeleka toleo jipya kwa sehemu ya watumiaji, tuseme asilimia 20, ukangoja kwa muda unaotosha kupitia juma la kuandika na juma la kukusanya. Kisha tazama kura zilizokuja na toleo hilo. Ukiona nyota moja nyingi zisizo na maneno, zilizoanza kuingia pamoja na toleo lenye ombi, hiyo ni dalili ya watu waliobughudhiwa, na dawa yake ni kuusogeza wakati wa kuomba, hata kama idadi ya kura imepanda. Bali ukiona nyota moja zenye maneno ya kueleza kasoro, basi wakati ni sawa na kasoro ndiyo iliyoko, nawe umepata habari ambayo hapo kabla ilifichika.

Hapa twaingia katika sehemu ya pili, ambayo kwa watu wengi ni nzito zaidi, kwani kuomba ni ustadi, ama kujibu ni stahamala. Mtu amekaa usiku mwingi akitunga, kisha anaamka na kukuta maneno haya chini ya jina la kazi yake: “Programu mbovu sana. Nimebadilisha simu madeni yote yamepotea. Wezi tu.” Nyota moja. Damu humpanda, naye hukimbilia kujibu kwamba mteja hakusoma maelezo, kwamba kitufe cha kuhifadhi nakala kilikuwapo, na kwamba neno wezi ni tusi. Yote hayo yaweza kuwa kweli, na yote hayamfai mtu. Mwandishi wa lawama ni mmoja, na wanaopita wakiisoma kabla ya kuamua kupakua ni wengi, nao hawana njia ya kuchunguza ni nani mkweli; wanachoweza kukipima ni jinsi mwenye programu anavyosema na mtu aliyepata hasara, kwa sababu kesho huenda wakawa wao.

Basi kabla ya kuandika herufi, litenge shitaka na matusi. Katika maneno yale liko shitaka moja la kweli: madeni yalikuwa ndani ya simu ya zamani na hayakuhamia kwenye mpya. Ukifikiri vizuri utaona kwamba kitufe cha kuhifadhi nakala, kilichofichwa ndani ya mipangilio, hakikuwa kinga kwa mtu ambaye hakujua kwamba ana haja ya kinga. Jawabu la hadharani katika Play Store haliwezi kuzidi herufi 350 pamoja na nafasi zake, na kila maoni hupata jawabu moja tu, kwa hiyo hapana nafasi ya dibaji. Ningeandika hivi:

“Pole sana ndugu mteja. Kupotelewa na kumbukumbu za madeni ni hasara kubwa. Toleo ulilokuwa nalo lilihifadhi madeni ndani ya simu tu. Kasoro hiyo ni yetu. Ikiwa simu ya zamani bado unayo, usifute programu. Tuandikie kwa anwani iliyo kwenye ukurasa huu tukusaidie kuyahamisha. Toleo jipya, 2.4, huhifadhi nakala nje ya simu.”

Angalia yaliyomo na yasiyomo. Pole imetangulia, kama ilivyo desturi yetu kwa mtu aliyepatwa, nayo imelitaja lile lililompata, isiwe pole ya jumla inayobandikwa kwa kila mtu. Kasoro imekubaliwa kwa maneno manne. Limo agizo moja la kumfaa sasa hivi, yaani asifute programu katika simu ya zamani, na agizo hilo huenda likayaokoa madeni yenyewe. Mwisho limetajwa toleo lenye marekebisho, ambalo wasomaji wengine walilihitaji zaidi kuliko yeye. Neno wezi halikujibiwa, na nyota hazikuombwa. Mwenye lawama akisaidiwa, ana uwezo wa kuibadilisha kura yake mwenyewe wakati wowote, na kumwomba aibadilishe kabla hajasaidiwa ni kumdai malipo ya deni ambalo wewe ndiye unayedaiwa.

Jihadhari na jambo jingine, nalo ni siri za watu. Kishawishi ni kikubwa cha kuandika, “Tumeangalia, namba yako ilihifadhi nakala tarehe fulani yenye madeni kumi na mawili,” ili kuonyesha kwamba kosa si letu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka aliyekusanya habari za watu azihifadhi na kuzitumia kwa makusudi yaliyokusanyiwa, na kuzianika ili kushinda ubishi si moja ya makusudi hayo. Zaidi ya hayo huna hakika unaongea na nani. Simu nyingi katika masoko yetu hutumiwa na mwenye duka pamoja na msaidizi wake, na akaunti ya Google iliyomo mara nyingine ilifunguliwa na yule aliyewauzia simu, hivyo jina linaloonekana juu ya lawama laweza kuwa la mtu ambaye hajawahi kuuza dagaa maishani mwake. Mambo ya deni na namba yazungumzwe kwa barua au kwa simu, baada ya kumjua mwenyewe.

Ziko lawama za aina nyingine zinazomwonea mtunzi, na mfano ulio wazi ni wa Mei 2024. Tarehe 12 ya mwezi huo nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa bara, na mtandao ukafifia katika Tanzania na nchi jirani. Siku kama hizo programu yoyote itegemeayo seva za mbali huonekana imekufa, na mchuuzi, ambaye hana sababu ya kufikiria nyaya za baharini, husema “haifunguki” na kutoa nyota moja. Jawabu la “tatizo ni la mtandao, si letu” ni kweli tupu isiyo na faida, kwa kuwa humwacha mtu na hofu yake ile ile. Anachotaka kujua ni kama madeni yake yapo. Mwambie hivi: mtandao wa nchi umepata hitilafu tangu Jumapili, uliyoandika yamo salama ndani ya simu yako, nayo yatapanda yenyewe mtandao utakaporejea, endelea kuandika kama kawaida. Bila shaka uwe na yakini kwamba ndivyo programu ifanyavyo, kwani ukiahidi usalama usiokuwapo, lawama ya pili itakuwa ya haki. Na siku hizo lizime ombi la nyota kwa watu wote, jambo ambalo litawezekana tu ikiwa uliweka mapema swichi inayosomwa kutoka kwenye seva, na programu ikaagizwa kunyamaza inapokosa kuisoma.

Ama matusi matupu yasiyo na shitaka ndani yake, hayo usiyajibu. Yakiwa yanavunja kanuni za duka, kama vile matusi ya kabila, vitisho au matangazo ya biashara, yaripoti kupitia Play Console, ukijua kwamba ukali wa maneno au uchache wa nyota peke yake si sababu ya maoni kuondolewa. Na yale yaliyochanganya tusi na shitaka, jibu shitaka kama nilivyotangulia kueleza.

Kazi hii ya kujibu heri apewe mtu mmoja, na vema asiwe yule aliyetunga sehemu inayolalamikiwa. Aandike jawabu lake katika daftari la pembeni, ahesabu herufi, alisome kwa sauti mbele ya mwenzake, kisha ndipo alibandike. Na afanye hivyo siku ile ile au inayofuata, kwa kuwa mtu aliyepotelewa na madeni huenda kesho akaifuta programu na kuiuza simu. Awe pia na orodha ya majawabu yaliyoahidi marekebisho. Siku toleo lenye marekebisho litakapotoka, ayarudie majawabu hayo moja moja, afute maneno ya “tunalishughulikia”, na mahali pake aandike namba ya toleo ambalo kasoro hiyo haimo tena, ili msomaji atakayefika hapo mwakani asikute ahadi inayoning’inia chini ya lawama iliyokwisha kutatuliwa.